Wabunge Wakishaondoka

Kila mwenye mgahawa Dodoma ana sababu moja aliyoiweka karibu, na huitoa mwezi wa Agosti, hesabu za Julai zinapofika mezani. Bunge la Bajeti huanza Aprili na kufungwa mwishoni mwa Juni. Katika miezi hiyo mji hujaa wabunge na madereva wao, wataalamu wa wizara, waandishi wa habari na watu waliofuata saini. Mwezi ukigeuka, meza za jioni hubaki wazi. Mhasibu akileta taarifa ya mapato na matumizi yenye hasara, jibu linakuwa tayari kabla hajakaa: wabunge wameondoka.

Jibu hilo ni la kweli, na ubaya wake uko hapo hapo. Ukweli wake unamtosheleza mtu, anafunga faili, anasubiri kikao kijacho. Ninayetaka kumsifu hapa ni yule asiyefunga faili. Nimewaona wachache wa aina hiyo, wengi wao wahasibu wa kujitegemea wanaoshika vitabu vya migahawa mitatu minne kwa pamoja, wakizunguka kwa bodaboda na kompyuta mgongoni. Kazi yao haina sifa mjini. Mpishi husifiwa kwa mchuzi wake, mchoma nyama kwa mkono wake, lakini hakuna anayesema fulani anasoma hesabu vizuri. Hata hivyo kuusoma ukurasa mmoja wa tarakimu na kujua kwamba kisu cha jikoni kimebadilisha mkono ni ufundi kamili, na una hatua zake.

Ukurasa wenyewe ni mfupi. Juu kuna mauzo. Chini yake kuna gharama ya chakula na vinywaji vilivyotumika kupata mauzo hayo, kisha gharama ya watu: mishahara, michango ya mwajiri kama ya NSSF, vibarua, malipo ya muda wa ziada. Makundi hayo mawili yakijumlishwa ndiyo gharama kuu. Pango, umeme, gesi, maji, ulinzi, matengenezo na mengine yote hukaa chini ya hapo, na hulipwa kwa kile kilichobaki.

Kwa nini chakula na watu vijumlishwe, wakati kimoja kiko stoo na kingine kwenye karatasi ya mishahara? Kwa sababu kimoja hununua kingine. Mgahawa unaonunua viazi kwa gunia unahitaji watu wa kumenya na kukata. Unaonunua viazi vilivyokwisha kumenywa na kukatwa unalipa zaidi sokoni na pungufu jikoni. Ukitazama gharama ya chakula peke yake, wa pili ataonekana mbadhirifu. Ukitazama mishahara peke yake, wa kwanza ndiye atakayeonekana hivyo. Jumla tu ndiyo inayowaweka kwenye mizani moja. Ndiyo maana pia msomaji mzuri hababaiki mwenye mgahawa anapojivunia kwamba ameshusha gharama ya chakula, kumbe amehamishia chakula cha wafanyakazi kwenye mstari wa mishahara. Jumla haikusogea hata shilingi.

Katika biashara hii, kwa mgahawa wa kuhudumia mezani, gharama kuu ya asilimia 60 hadi 65 ya mauzo huhesabiwa kuwa ya kuishi nayo. Ikipita 70, pango na umeme huanza kulipwa kutoka mfukoni mwa mwenye mali. Kipimo hicho si sheria. Mgahawa usiolipa pango unaweza kuvumilia zaidi, na ulio ndani ya jengo jipya la ghali hauwezi kuvumilia hata hicho.

Tuuchukue mgahawa wa mfano, wenye viti kama 60, si mbali na viwanja vya Bunge. Unauza nyama ya kuchoma, wali, ugali, kuku na samaki, na huchukua kazi za kulisha semina za wizara. Juni uliuza shilingi milioni 60. Chakula na vinywaji vilikula milioni 21, yaani asilimia 35. Watu milioni 16.2, asilimia 27. Gharama kuu: asilimia 62. Julai mauzo yalishuka hadi milioni 42. Chakula kiligharimu milioni 17.22, asilimia 41. Watu milioni 15.12, asilimia 36. Gharama kuu: asilimia 77. Hasara ya Julai haihitaji kuhesabiwa, kwa kuwa asilimia 23 iliyobaki haiwezi kulipa pango, gesi na umeme wa jengo la eneo lile.

Msomaji asiye fundi angeanza kutafuta mwizi. Fundi huanza kwa kuuhoji mstari wa juu, kwa sababu asilimia zote zimegawanywa kwa mauzo, na mauzo yakiwa na kasoro kila kitu chini yake kina kasoro. Swali la kwanza ni la VAT. Kiasi kinachosomeka chini ya risiti ya EFD kina VAT, kwa kawaida ya asilimia 18 juu ya bei, ambayo si ya mgahawa hata siku moja. Milioni 60 za Juni zingeandikwa pamoja na VAT zingekuwa milioni 70.8, na gharama kuu ile ile ingeonekana asilimia 52 na nusu. Hesabu nzuri kupita kiasi ni ya kutiliwa shaka kama ilivyo mbaya kupita kiasi. Tena mgahawa hauwezi kutegemea VAT ya manunuzi kuupunguzia mzigo, kwa kuwa mazao yasiyosindikwa, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kapu lake, yamesamehewa VAT. Nyanya za soko la Majengo hazina cha kudai.

Swali la pili ni la tarehe, na hili ni la Dodoma kweli kweli. Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa Juni 30. Wizara iliyokula semina ya Mei hukimbizana kulipa kabla ya siku hiyo, na Julai fedha za mwaka mpya zinakuwa bado hazijafunguka vizuri. Mgahawa unaoandika mauzo siku fedha zinapoingia benki utakuwa na Juni iliyonona kwa chakula cha Mei, na Julai iliyokonda ambayo imebeba gharama za chakula kitakachoandikwa Agosti au baadaye. Mgahawa wetu huandika mauzo siku chakula kilipoliwa, na mtego huu haukuunasa. Lakini kuuliza ni lazima, na anayeuliza huomba kuona ankara za semina, haridhiki na kuambiwa.

Mstari wa juu ukiwa safi, sasa ile sababu ya wabunge inaweza kupimwa. Na hapa ndipo ninapoupenda ufundi huu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu swali ni jepesi: mauzo yakishuka, gharama gani ina haki ya kubaki juu? Mishahara ina haki hiyo kwa sehemu, maana mpishi aliyeajiriwa hulipwa meza zijae au zisijae. Chakula hakina. Sahani isiyouzwa haikupikwa, au haikupaswa kupikwa. Kama Juni kila shilingi 100 za mauzo zilitumia chakula cha shilingi 35, Julai zingetumia kiasi hicho hicho, bei zikiwa hazijabadilika. Asilimia 35 ya milioni 42 ni milioni 14.7. Kilichotumika ni milioni 17.22. Kuna milioni 2.52 ambazo wabunge hawakuondoka nazo.

Msomaji hashuki jikoni bado. Anakwenda kwenye hesabu ya stoo. Gharama ya chakula si manunuzi ya mwezi. Ni mali iliyokuwepo mwezi ulipoanza, ongeza manunuzi, toa mali iliyobaki mwezi ulipofungwa. Julai ilianza na mali ya milioni 4.8, ikanunuliwa ya milioni 15.92, ikabaki ya milioni 3.5. Hiyo ya mwisho ndiyo tarakimu dhaifu kuliko zote kwenye ukurasa, kwa kuwa haina risiti. Ni neno la mtu aliyehesabu jioni ya tarehe 31 akiwa amechoka. Kila kisichohesabiwa huhesabika kuwa kimeliwa.

Sasa mtu anayelijua eneo hili atakumbuka kwamba Julai ni mwezi wa mavuno yaliyokwisha kuingia. Alizeti ya Singida na ya Dodoma inakamuliwa, bei ya mafuta inalegea, na mwenye mgahawa mwenye akili hununua ya kumfikisha mbali. Ndivyo alivyofanya huyu wa mfano wetu: wiki ya mwisho ya Julai alichukua madumu 10 ya lita 20, kila dumu shilingi 90,000. Stoo ilikuwa imejaa, akayaweka nyumbani kwake. Risiti ilifika kwa mhasibu, madumu hayakufika kwenye karatasi ya kuhesabia. Laki tisa zikasomeka kama mafuta yaliyokaangiwa chipsi, wakati yamekaa chini ya ngazi za mwenye mali. Dalili ilikuwepo kwa anayeitafuta: mgahawa uliotumia madumu 12 Juni, wateja wakiwa wengi, usingeweza kumaliza 19 Julai.

Kosa hili si hasara, ni wino tu, na Agosti lingejirudisha lenyewe kwa kuifanya ionekane nzuri kuliko ilivyo. Ndiyo hatari yake. Mwenye mgahawa angeamini kwamba ukali wake wa mwanzoni mwa Agosti umezaa matunda. Tukiliondoa, gharama ya chakula inakuwa milioni 16.32, karibu asilimia 39, na pengo la kutafutwa linabaki milioni 1.62.

Hapo ndipo jikoni panapofikiwa, na huanzwa kwa kitu kimoja, kile kinachokula fedha nyingi, si kwa kupekua chumvi na binzari. Hapa ni nyama ya ng'ombe. Bei ya buchani haikubadilika, shilingi 10,000 kwa kilo miezi yote miwili, hivyo mchinjaji hana kesi. Kwa kipimo cha jiko hili, kilo moja ya nyama mbichi ikisafishwa, ikatolewa mifupa na mafuta, ikachomwa, hutoa gramu 600 za kuwekwa mezani. Kilo iliyoiva, basi, ina gharama ya karibu shilingi 16,700 ingawa risiti ya bucha inasema 10,000. Migahawa mingi hupanga bei ya sahani kwa kutazama risiti ya bucha, na inashangaa kwa miaka.

Sahani ya nyama ya mgahawa huu imepangwa iwe na gramu 200 zilizoiva. Mashine ya kaunta inaonyesha sahani 900 za aina hiyo ziliuzwa Julai. Hizo ni kilo 180 za nyama iliyoiva, na ukirudi nyuma kwenye mbichi, kilo 300. Manunuzi na stoo vinaonyesha kilo 375 zilitumika. Kilo 75 hazina mlaji, na thamani yake ni shilingi 750,000.

Ukurasa hauwezi kusema zilikwenda wapi, na fundi mwaminifu hasemi asichokiona. Kuna njia tatu. Ama kila sahani ilibeba zaidi ya gramu 200, ama sahani ziliuzwa bila kupita kaunta, ama nyama ilitoka kabla ya kuiva. Kutofautisha njia hizo hakuhitaji kumfokea mtu. Siku ya kawaida, saa saba mchana, jikoni pakiwa na pilika, unasimama mahali sahani zinapotokea, unapima 10 bila taarifa. Zikiwa na gramu 200, tatizo liko kaunta au mlango wa nyuma, na unaanza kulinganisha oda zilizoandikwa na wahudumu na risiti zilizotoka. Zikiwa na 250, umemaliza. Kilo 375 mbichi hutoa kilo 225 zilizoiva, na ukizigawa kwa sahani 900 unapata gramu 250 kamili. Hapa zilipimwa, zikatoka 240, 255, 250, 260. Mizani ndogo ya jikoni ilikuwa imehamishiwa upande wa chapati mwanzoni mwa mwezi, na mchoma nyama akaanza kukata kwa jicho. Jicho la mpishi lina ukarimu, hasa ukumbi ukiwa mtupu na mteja akionekana uso kwa uso.

Pengo la pili lilikuwa kwenye semina. Mratibu wa wizara huagiza chakula cha watu 120, siku ya kulipa hutumia orodha ya mahudhurio yenye majina 95. Bafe lilipikwa la 120. Kwa siku nne za Julai sahani 100 zilipikwa bila kulipwa, kila moja ikiwa na chakula cha shilingi 4,500, jumla 450,000. Utaona kwamba hapa mpishi hana kosa, wala stoo, wala soko. Kosa liko kwenye oda isiyotaja idadi ya chini itakayolipwa hata watu wasipofika. Tarakimu ilikuwa kwenye mstari wa chakula, dawa yake iko kwenye barua ya makubaliano.

Toa 750,000 na 450,000 kwenye milioni 1.62, zinabaki 420,000. Ni asilimia moja ya mauzo: nyanya zilizooza, wali ulioungua, soda iliyopasuka, sahani aliyorudishiwa mpishi. Msomaji mzuri huishia hapo. Jiko lililo hai halilingani na karatasi kwa asilimia sifuri, na anayeifukuza hiyo asilimia ya mwisho hutumia saa za kazi zenye thamani kubwa kuliko atakachookoa. Najua wanaokataa hili, na vitabu vyao huwa vinapendeza sana.

Sasa watu. Hapa wabunge wana haki ya kutajwa, lakini haki yao pia hupimwa. Kipimo si Juni. Juni na Julai za Dodoma si miezi ya kulinganishwa kwa mishahara. Kipimo ni Julai ya mwaka uliopita, kwa sababu mwaka uliopita pia wabunge waliondoka. Mgahawa huu uliuza Julai ile milioni 40, ukalipa watu milioni 12.4, asilimia 31. Safari hii umeuza milioni 42, yaani mbili zaidi, na umelipa milioni 15.12. Wabunge waliondoka mara zote mbili, lakini milioni 2.72 za ziada zimekuja mara moja tu.

Ukizigawa gharama za watu za Julai mbili kwa mafungu, jibu linajitokeza. Vibarua hawakuwa tatizo: kati ya Juni na Julai walipunguzwa kutoka milioni 3.2 hadi milioni 2.12, karibu theluthi, kulingana na mauzo. Kilichopanda ni mishahara ya mwezi. Aprili, ukumbi ukiwa umefurika, vibarua sita waliandikiwa mikataba ya kudumu kwa shilingi 300,000 kila mmoja. Pamoja na asilimia 10 ya mwajiri kwa NSSF, hao ni shilingi 1,980,000 kwa mwezi, wabunge wakiwepo au wasiwepo. Zilizobaki 740,000 ni nyongeza za mishahara na muda wa ziada.

Muda wa ziada, Julai? Hilo ndilo swali lililofungua ratiba ya zamu. Ratiba ya Julai ilikuwa nakala ya Juni, majina yale yale, saa zile zile. Mchana mgahawa huu bado hujaa, kwa kuwa watumishi wapo. Jioni ndiyo iliyokufa. Wakati wa Bunge, zamu ya jioni ya watu tisa iliuza karibu shilingi milioni moja. Julai watu tisa wale wale waliuza 350,000, na wawili kati yao walibaki baada ya saa zao kwa sababu ratiba ilisema mgahawa unafungwa saa sita usiku. Tarakimu hii haipo kwenye taarifa ya mapato na matumizi. Hupatikana kwa kuweka ripoti ya kaunta ya kila siku kando ya ratiba, lakini ni taarifa iliyomtuma mtu akaitafute.

Kuwaachisha kazi wale sita ni wazo linalokuja haraka, na mara nyingi ni baya. Kuna taratibu za kisheria za kupunguza wafanyakazi, kuna malipo yake, na Bunge linaporudi utawatafuta upya na kuwafundisha upya. Kilicho rahisi zaidi ni likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, na ni siku ambazo mgahawa utazilipa kwa vyovyote. Mgahawa usiopanga huzilipa mara mbili: mhudumu anaomba likizo Mei, anapewa, na kibarua analetwa kushika nafasi yake. Ukipunguza zamu ya jioni na kupanga likizo za watu wake kati ya Julai na Agosti, mshahara wa mwezi haushuki, lakini vibarua na muda wa ziada wa Julai vinapungua sana, na Mei haihitaji mtu wa kushikiza.

Tuseme yote yamefanyika: mizani imerudi kwenye nyama, semina zina idadi ya chini, mafuta yamehesabiwa, vibarua na muda wa ziada vimepungua kwa milioni moja. Kwa mauzo yale yale ya milioni 42, chakula kinakuwa milioni 15.12, asilimia 36. Watu wanakuwa milioni 14.12, karibu asilimia 34. Gharama kuu imetoka 77 ikafika karibu 70, na bado iko juu ya pale inapotakiwa.

Mwenye mgahawa hukasirika kusikia hivyo, akiona ametii kila kitu. Lakini zilizobaki si uzembe wa mtu. Ni mikataba sita iliyosainiwa kwa kutazama Aprili, na sasa anapaswa kuamua kama jioni zisizo na Bunge zitapata wateja wengine, labda wa Chuo Kikuu cha Dodoma, labda wasafiri wa treni ya umeme wanaolala mjini, au kama kuanzia mwakani ajira za msimu zitaandikwa kuwa za msimu. Hesabu ya chaguo la kwanza inaweza kufanywa leo: kuirudisha gharama kuu kwenye asilimia 65, watu wakiwa wale wale na chakula kikibaki asilimia 36, mauzo ya mwezi yanatakiwa kufika karibu milioni 48.7, yaani zaidi ya shilingi 215,000 kila siku juu ya yale ya sasa. Kama jioni haiwezi kuleta hizo, mhasibu ataomba afunguliwe kabati la mikataba.